Anwani Aliyoikana

Kazini walimwita Mama Pacha, na si kwa heshima peke yake. Mapacha alikuwa nao kweli, wasichana wawili wa miaka kumi na minne waliogombania kitana kimoja kila asubuhi. Ila jina lilimganda kwa sababu ya tabia yake: hakuwa mtu wa kitu kimoja. Alitembea na kalamu mbili, chaja mbili na nakala mbili za kila faili. Ukimwomba ufunguo wa chumba cha mikutano alikupa, kisha akakuonyesha na wa akiba ili usije ukampigia simu. Kabla ya kazi hii alikuwa mwalimu wa hesabu, na ualimu haukuwa umemtoka. Hata tangazo la kwenye lifti alilisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo. Walitengeneza mfumo wa zahanati. Daktari anafungua kompyuta, anaandika namba ya mgonjwa, na majibu ya vipimo kutoka Maabara Kuu yanatokea hapo hapo, bila mtu kukimbia na bahasha. Wengine pale walishughulika na rangi za kurasa na vitufe. Mama Pacha alishughulika na njia, yaani alihakikisha ombi linatoka upande wao, linafika maabara, na jibu linarudi.

Njia hiyo ilikuwa na kisa chake. Programu zao hazikukaa ofisini. Zilikaa kwenye wingu, kwenye seva za kukodi, na seva za kukodi huja na kuondoka. Kazi ikizidi zinaongezeka zenyewe, ikipungua zinafutwa. Zamani kila seva ilipozaliwa ilipewa anwani yake ya mtandaoni, ya muda tu, na ilipofutwa anwani ikaenda nayo. Maabara Kuu hawakutaka kusikia habari hizo. Kwao mlango ulifunguliwa kwa vitu viwili kwa pamoja: ufunguo wa siri waliokupa, na anwani yako iwe kwenye orodha yao. Sasa utaandikishaje anwani inayobadilika kila asubuhi?

Mama Pacha ndiye aliyelimaliza. Aliziondolea seva zote anwani za nje, akaziweka kwenye mtaa wa ndani ambao mtu wa nje hawezi kuuingia. Kisha akajenga geti moja la kutokea, wao wanaliita geti la NAT, akalipa anwani ya kudumu iliyohifadhiwa kwa jina la kampuni. Kila ombi la kwenda nje lilipita getini, likavuliwa anwani yake ya ndani na kuvishwa ile ya geti. Jibu likirudi, geti linakumbuka nani aliuliza, linampelekea. Ziwe seva tatu au thelathini, kwa aliye nje zote zina anwani moja, iliyoishia na arobaini na mbili. Hiyo ndiyo aliyoipeleka maabara.

Kule aliyepokea alikuwa mzee mmoja aliyebakiza mwaka na nusu kustaafu. Alilinda mtandao wa maabara tangu siku ambayo mtandao wenyewe ulikuwa waya mmoja, na watu wote, hadi mkurugenzi, walimwita Bawabu. Alikuwa mtu wa taratibu hadi anakera. Anwani hakuipokea kwa barua pepe peke yake, lazima akupigie umsomee namba kwa mdomo, naye akurudishie.

"Arobaini na mbili mwisho," alisema siku ile. "Na hii haitabadilika, mwanangu?"

"Haibadiliki, mzee wangu. Hiyo ni yetu, tumeihifadhi."

"Maana mimi nikiona sura nisiyoijua nakuuliza wewe kwanza. Wewe ukisema siyo yenu, mimi nafunga. Sina mjadala."

"Ndivyo inavyotakiwa, mzee."

Mwaka mzima ukapita bila tatizo. Walizoeana kwa simu bila kuonana. Bawabu alimuuliza mapacha hawajambo, naye akamuuliza mguu wake uliokuwa ukimsumbua kwenye ngazi. Mama Pacha aliwaambia wenzake kwamba watu wa aina ile wamebaki wachache, na alimaanisha.

Basi tabia yake ya viwili viwili ikamrudia. Geti lile lilikaa kwenye kituo kimoja kati ya viwili vya wingu walivyokodi. Kituo kikizimika, seva zitakazozaliwa kituo cha pili zitakuwa hazina pa kutokea. Hofu hiyo ilikuwa ya haki kabisa, na kila anayejua kazi hii angemsifu. Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, alifungua faili la maelekezo ambalo mtambo husoma na kujenga wenyewe, akatafuta mstari wa idadi ya mageti, akafuta moja, akaandika mbili. Mtambo ukafanya kazi dakika tatu. Ukajenga geti la pili kwenye kituo cha pili, ukalichukulia anwani yake ya kudumu, ukaelekeza njia za mtaa wa ndani wa kule zipite hapo. Skrini ikaandika kwamba kila kitu kimekamilika. Akafunga kompyuta, akaenda kuwachukua mapacha mazoezini.

Anwani ya geti la pili hakuwahi kuisoma. Hakuiandika yeye, mtambo ulijichagulia. Na kwa kuwa siku hizo seva zote bado zilikuwa kituo cha kwanza, geti jipya lilikaa wiki tatu bila ombi hata moja kulipita. Mama Pacha akalisahau kama unavyosahau mwavuli wa akiba nyuma ya mlango. Maabara hakuwaambia kitu.

Jumatatu ya wiki ya nne mafua yalijaa mjini. Zahanati zikafurika, maombi yakaongezeka, mfumo ukazaa seva zaidi, na safari hii nusu zikawekwa kituo cha pili. Saa nne asubuhi simu yake ikaita.

"Mwanangu, hujambo? Kuna anwani inanibishia hodi na ufunguo wenu. Inaishia na mia moja na kumi na saba. Imekuja mara mia mbili tangu asubuhi. Ni yenu?"

Mama Pacha alikuwa kikaoni. Meneja wao, kijana mwenye haraka aliyeitwa Bosi kwa utani mpaka akaamini, alikuwa akimwonyesha saa. Mama Pacha alikuwa na simu sikioni na kalamu mkononi, na jibu alilokuwa nalo kichwani lilikuwa la mwaka mzima.

"Siyo yetu, mzee. Yetu unaijua."

"Una uhakika?"

"Kama ninavyojua jina langu."

Bawabu alinyamaza kidogo. Alimpa nafasi, Mama Pacha aliyajua hayo baadaye. Kisha akasema, "Basi kuna mtu ameiba ufunguo wenu. Naufuta sasa hivi, tufuate taratibu mpate mwingine."

"Sawa, mzee. Asante kwa kutulinda."

Alimshukuru! Mzee akakata simu na kufanya alichoahidi. Ufunguo ukafutwa, na kwa kuwa ufunguo ulikuwa mmoja kwa zahanati zote, zahanati zote zikakatika. Ufunguo mpya ulihitaji sahihi za watu wanne, na mmoja wao alikuwa safarini. Siku mbili nzima manesi walipiga simu maabara wakisomewa majibu kwa mdomo na kuyaandika pembeni mwa makaratasi. Zahanati mbili ziliwarudisha wagonjwa nyumbani. Mama mmoja mjamzito alitolewa damu mara ya pili kwa kipimo ambacho majibu yake yalikuwa tayari yanasubiri.

Jumanne adhuhuri, akijiandaa kuweka ufunguo mpya, Mama Pacha aliamua kukagua njia moja moja. Aliingia kwenye seva ya kituo cha kwanza, akaiagiza iulize huko nje inaonekana kwa anwani gani. Arobaini na mbili. Akaingia kwenye seva ya kituo cha pili, akauliza vile vile.

Mia moja na kumi na saba.

Alipigwa na butwaa. Aliuliza tena, kana kwamba seva ingeona haya na kubadili maneno. Akafungua orodha ya mageti, yakawa mawili, la pili limezaliwa Ijumaa ile baada ya chakula cha mchana, na aliyelizaa ni yeye. Mwizi hakuwepo, wala hakuwahi kuwepo. Mtoto wake mwenyewe alikwenda kubisha hodi kwa jirani, jirani akapiga simu kuuliza kama ni wake, naye akaruka kimanga.

Hapo palikuwa na nafasi ya kumpigia Bawabu. Simu ilikuwa mezani, namba ilikuwa ya pili kutoka juu. Badala yake alikwenda kwa Bosi.

Bosi alisikiliza akizungusha kiti. "Kwa hiyo unaweza kurekebisha?"

"Naweza sasa hivi. Naelekeza njia za kituo cha pili zipite geti la kwanza, zote zitoke na arobaini na mbili. Ila lazima tuwaambie maabara ile anwani ilikuwa yetu."

"Tuwaambie tumekata zahanati zote kwa sababu hatujui anwani zetu wenyewe? Mama Pacha, acha. Rekebisha. Kwenye ripoti andika mawasiliano yamerejea."

"Na Bawabu je?"

"Bawabu kafanya nini? Kafunga, atafungua. Yamekwisha."

Akaandika. Mawasiliano yamerejea. Kiswahili kinakuruhusu kusema jambo limerejea lenyewe, kama paka, bila kumtaja aliyelifukuza. Maabara walipoandika rasmi kuuliza kama uvamizi ulithibitishwa, Bosi alijibu kwa mstari mmoja, hawakubaini uvamizi wowote upande wao. Neno kwa neno ilikuwa kweli. Mama Pacha aliusoma kabla haujatumwa, akasahihisha koma moja.

Haki itendeke hata kwake: hakujua mstari ule utafanya nini. Aliamini mzee atanung'unika, atakunywa chai yake, maisha yataendelea. Nyumbani lakini hakuwa sawa. Mama yake mzazi, aliyekaa naye, alimtazama akigeuzageuza kijiko kwenye bakuli.

"Una nini wewe?"

"Kazi tu, mama."

"Kazi haikunyimi kunisalimia ukiingia."

Akamsalimia. Akaendelea kugeuza kijiko.

Wiki tano baadaye aliona hatari iko pale pale, seva zote zinatokea geti moja. Alitaka geti la pili liruhusiwe maabara kihalali. Akapiga simu. Ikapokelewa na sauti changa ya kike.

"Namwomba Bawabu."

"Hayupo hapa siku hizi, dada. Wamemhamishia stoo ya makaratasi. Si ndiye aliyefunga mtandao kwa kuota mwizi? Walipouliza kwenu mkasema hamna mwizi yeyote. Sasa unajaza fomu tu. Nikutumie?"

Fomu ilikuja. Ilikuwa na maswali sita, na la nne liliuliza kama anwani inayoombwa imewahi kuleta maombi maabara. Mama Pacha alilitazama swali lile siku nzima. Akiandika mia moja na kumi na saba na kujibu ndiyo, mtu yeyote atakayefungua kumbukumbu zao atamwona mwizi wa Bawabu ni nani, na mzee atasafika kwa mstari mmoja. Akijibu hapana, atakuwa amedanganya kwa maandishi.

Bosi aliona njia ya tatu bila hata kuinua macho. "Iachie hiyo anwani. Hifadhi nyingine mpya kabisa, ibandike kwenye geti, ijaze hiyo. Imewahi kuleta maombi? Hapana. Hujadanganya."

Tusimsingizie Bosi. Kitufe alikibonyeza Mama Pacha. Skrini ilimuuliza kama ana uhakika, kwa kuwa anwani ikishaachiwa hurudi kwenye kapu la mwenye wingu, hupewa mteja mwingine yeyote, na huwezi kuidai tena. Alijua hivyo kuliko mtu yeyote kwenye ghorofa ile. Akabonyeza. Wakati mzee alipomuuliza kwa simu alijibu kwa haraka na ujinga. Safari hii alikuwa na siku nzima ya kufikiri, na alifikiri.

Miezi ikaenda. Mwezi wa tano baada ya kisa kile kulikuwa na kikao cha pamoja maabara, na yule dada wa fomu alisimama kuwaeleza wageni utaratibu mpya. Kuwachangamsha akasimulia habari za mzee aliyekata zahanati zote kwa sababu aliota mwizi, na mwizi akawa hayupo hata kwenye ndoto. Watu wakacheka. Mama Pacha naye alicheka. Alijisikia akicheka, meno nje, na kicheko chake ndicho kilichomwamsha. Alitoka kwenda msalani, akakaa juu ya kifuniko mpaka kikao kikaisha.

Kesho yake hakumuaga Bosi. Alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi wa maabara, akasimama mbele ya meza kama mwanafunzi, akasema yote: geti la pili, Ijumaa ile, simu, jibu lake, ripoti. Mkurugenzi alikuwa mama mtu mzima, msikivu. Alimwita dada wa fomu aangalie anwani ile kwenye kompyuta.

"Mia moja na kumi na saba," dada alisema akitazama skrini. "Hii ni ya duka la viatu, mkurugenzi. Wanauza viatu mtandaoni."

"Ni ya kwao sasa," Mama Pacha alisema. "Ilikuwa yetu. Niliiachia."

"Una kitu kinachoonyesha ilikuwa yenu?"

Hakuwa nacho, yeye mtu wa nakala mbili za kila kitu. Faili la maelekezo lilionyesha mageti mawili, lakini anwani haikuandikwa mle. Kumbukumbu za mtambo, za nani kahifadhi nini na kaachia nini, waliweka zidumu siku tisini, na siku tisini zilishapita zamani.

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomchoma. "Najua mlikuwa mnaelewana na mzee. Ni jambo jema kutaka kumsaidia anapoondoka. Lakini barua yenu rasmi ninayo, imesema hamkubaini kitu. Siwezi kuifuta barua kwa maneno matupu." Kisha akamwambia mzee anamaliza Ijumaa, na stoo iko chini, mwisho wa korido.

Stoo ilikuwa na rafu za chuma hadi darini na taa moja iliyokuwa ikiguna. Hapo ndipo walipoonana kwa mara ya kwanza. Bawabu alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mguu mbaya ameunyoosha juu ya boksi, anapanga mafaili kwa tarehe. Mama Pacha alimwamkia, na mzee akaijua sauti kabla hajajitambulisha.

"Mama Pacha! Marahaba. Wanangu hawajambo?"

Hapo akashindwa kujizuia, akalia. Alieleza huku akipangusa pua, kuanzia geti la pili hadi duka la viatu, na kwamba ametoka juu kusema ukweli na hakuna aliyeamini. Aliahidi atamlazimisha Bosi aandike barua, ataitafuta kampuni ya wingu, ataapa mbele ya yeyote. Mzee alimwacha amalize. Kisha akaondoa boksi, akalisukuma kwake apate pa kukaa.

"Mimi nakuamini," alisema. "Nilihisi ni yenu tangu siku ile jioni. Mwizi hagongi kwa utaratibu vile, anauliza majibu ya wagonjwa wa zahanati zilezile, kwa zamu na ile nyingine. Nikasema hawa ni ndugu."

"Sasa mbona hukuwaambia, mzee wangu?"

"Niliwaambia. Wakauliza, mwenye anwani anasemaje? Nikasema nilimuuliza, akasema siyo yake. Ningesema umedanganya? Sikuwa na hakika, na mimi sisemi nisilo na hakika nalo." Alichukua faili lingine, akasoma tarehe, akaliweka mahali pake. "Barua usihangaike nayo, Ijumaa naondoka. Mimi siku ile sikutaka barua, mwanangu. Nilinyamaza kwenye simu nikikusubiri useme ngoja niangalie."